Nilivyorekodi ndege wa Arabuko-Sokoke upepo wa kusi ukivuma

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 kati ya Kilifi na Malindi, una ndege wengi wanaoimba kwa pamoja kunapopambazuka. Shida ni kwamba nilikuwa na nafasi ya kwenda mwezi wa Juni tu, na Juni kule pwani ni kusi. Ikifika saa nne asubuhi upepo umeshachangamka, na kinasa sauti kidogo cha mkononi hakina ubavu wa kushindana nao. Nilitaka nipate vitu viwili: ndege waitwao tiva wakiitikiana wawili wawili, na sauti ya msitu wenyewe kwa muda mrefu bila kukatizwa.

Nilianza na upepo, kwa sababu sauti ikishaharibiwa na upepo hakuna programu ya kompyuta itakayoiponya. Upepo unaopiga maikrofoni moja kwa moja unasukuma kile kiwambo chembamba cha ndani, na sauti inayotoka ni mtutumo mzito wa chini, vuu-vuu, wenye nguvu kuliko ndege yeyote. Ukizidi, kifaa kinaelemewa na sauti inapasuka. Hapo hata ukichuja mtutumo baadaye, mpasuko unabaki ndani ya wimbo wa ndege.

Sponji nyeusi inayouzwa pamoja na kinasa inatosha chumbani, na nje inahimili upepo hafifu tu. Kinachosaidia kweli ni manyoya bandia juu yake. Nywele ndefu zinavunja kasi ya upepo kidogo kidogo kabla haujafika ndani, na sponji inaacha nafasi ya hewa tulivu kuzunguka maikrofoni. Manyoya yakilala moja kwa moja juu ya wavu wa maikrofoni, bila nafasi hiyo, kazi yao inapungua sana.

Yangu niliyapata kwenye koti la mtumba. Nilichagua lenye nywele za sentimita tatu hivi, nikageuza upande wa nyuma wa kitambaa, nikaweka mdomo na kupuliza. Pumzi ikipita bila kukwama, sauti nayo itapita. Makoti mengi yana kitambaa kizito au gundi nyuma, na ukiyatumia ndege watasikika kama wamefungiwa chumbani. Fundi cherehani alinishonea kifuko chenye mshono kwa ndani na mpira chini, kikae juu ya sponji bila kuibana. Hata manyoya mazuri hupunguza kidogo sauti nyembamba za juu, lakini hizo unaweza kuziongeza baadaye. Umande ukiyalowesha yakagandana, yachane kwa vidole, maana nywele zilizolala hazizuii upepo.

Pale kituo cha msitu cha Gede nilimpata mwongozaji, mzee anayewajua ndege kwa sauti. Nilimwamkia, kisha nikamweleza ninachotafuta.

"Mwanangu, usitazame vilele vya miti," akaniambia. "Juu kunavuma kila siku. Tazama majani ya hapa magotini. Yakitulia, umepata mahali."

Ushauri huo ndio uliochagua mahali petu. Tulipita kwenye miti ya mirihi, mahali pa mchanga mweupe penye miti iliyoachana, tukaingia penye miti iliyosongamana zaidi, ambako upepo wa baharini ulikuwa umeshachoka. Nilisimamisha kinasa kwenye stendi fupi ya miguu mitatu, chini ya usawa wa kiuno, kwa sababu karibu na ardhi upepo huwa mpole. Nilikiweka nyuma ya shina nene, mbali na kichaka chochote. Kichaka kinakinga upepo, lakini majani yake yanachakarisha, na mchakariko huo uko kwenye sauti za juu pamoja na ndege, kwa hiyo hauondoleki.

Saa kumi na moja alfajiri kulikuwa na wadudu tu. Nilichagua WAV, 48 kHz, 24-bit, nikazima AUTO LEVEL. Kifaa kikiachwa kijipangie kiwango, ndege akilia kwa nguvu kinashusha kila kitu, akinyamaza kinapandisha, na msitu unasikika ukivimba na kusinyaa. Kwa sauti ya mazingira hilo ni baya kuliko kelele yoyote.

Hapa ndipo pana kishawishi. Giza likiwa tulivu, mita ya sauti haichezi, mkono unataka kupandisha kiwango mpaka wadudu wajaze kioo. Usikipange kwa kilichopo, kipange kwa atakayekuja. Msitu ule una hondohondo, na mmoja akitua juu ya kichwa chako na kulia kama mtoto, sauti inaruka kwa desibeli nyingi ghafla. Mimi nilipanga hivi: tiva aliyekuwa mbali kidogo afike karibu desibeli -24 kwenye mita, ili hata hondohondo akija asivuke -6. Sifuri ndiyo dari, na kinachoigonga kinapasuka.

Kwenye kioo -24 inaonekana ndogo mno, lakini 24-bit ina akiba kubwa kwa sauti ndogo, kwa hiyo haina hasara. Kelele ya "shii" unayoisikia kwenye vinasa vidogo hutoka hasa kwenye maikrofoni na kikuza sauti chake, na hiyo inapanda pamoja na ndege ukipandisha kiwango. Dawa yake ni kusogea. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu unapata takriban desibeli 6 zaidi za ndege, na "shii" inabaki pale pale. Kama kifaa chako kina 16-bit peke yake, akiba ni ndogo, basi lenga vilele karibu na -12 na ukae macho.

Kuna alama moja niliyoitegemea asubuhi nzima: mita ikipanda huku masikio kwenye hedifoni hayasikii ndege, huo ni upepo. Ilipoanza kutokea, niliwasha LOW CUT ya 80 Hz, kichujio kinachokata sauti nzito za chini ya hapo. Nyimbo nyingi za ndege ziko juu ya 1000 Hz, na hata njiwa wanaoguna wako juu sana ya 80, kwa hiyo hupotezi kitu. Kwa rekodi ndefu ya mazingira nilikuwa nimeiacha imezimwa makusudi, kwa sababu uzito wa sauti za mbali uko huko chini.

Nilibonyeza, nikarudi nyuma taratibu hatua kama ishirini, nikakaa. Kulipokucha tiva wakaanza: mmoja anapiga mluzi mzito, mwenzake anajibu kabla hujajua kwamba ni wawili. Hondohondo walipita baadaye, na kilele chao kilifika -9. Mwishoni mwa faili nilitaja kwa sauti tarehe, saa, mahali na hali ya upepo. Nilifanya hivyo mwisho kwa sababu ukianza kwa kusema, ndege wa karibu hunyamaza.

Saa moja ya rekodi ya aina hii, kwa njia mbili za kushoto na kulia, inakula karibu gigabaiti moja, basi kadi ya 32 GB inatosha safari kadhaa. Nyumbani niliweka nakala ya asili pembeni bila kuigusa. Kwenye nakala ya pili nilikata chini ya 100 Hz, nikatoa kipande cha tiva peke yake na kukipandisha desibeli 14. Kipande chenye hondohondo nilikipandisha desibeli 6 tu, kilele kikaishia -3.