Neno "kazi" kwenye simu yangu

Afisa aliweka karatasi ya maelezo mezani, akaisukuma kwa kidole hadi mbele yangu, kisha akaniomba simu na namba ya kuifungulia. Ilikuwa Novemba 2023, katika chumba cha ukaguzi wa pili cha uwanja wa ndege mmoja nchini Marekani. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyelala ameegemea begi lake. Mimi usingizi ulinikimbia tangu nilipotolewa kwenye foleni.

Uongo wangu ulikuwa mdogo, na nilikuwa nimeusema dakika ishirini tu kabla ya hapo.

Kisa chenyewe kilianza Februari mwaka huohuo, nilipojaza fomu ya viza ya matembezi, ile DS-160. Dada yangu alikuwa anatarajia kujifungua, nami nikataka kwenda kumtembelea. Kwenye fomu niliandika kwamba mimi ni mhasibu, nikataja kampuni, mshahara na majukumu yangu. Yote yalikuwa kweli tupu. Nilipofika kwenye swali la mitandao ya kijamii, ambalo karibu waombaji wote huulizwa tangu 2019, nilitaja majina ninayotumia Facebook na LinkedIn. Fomu inataka majina uliyotumia katika miaka mitano iliyopita, si nywila. WhatsApp haimo kwenye orodha ile, na hilo likanidanganya kidogo: nikajiambia kwamba ya WhatsApp ni ya kwangu na watu wangu, hayawahusu.

Viza ikatoka. Safari ikasogezwa mbele mara mbili. Agosti mkataba wangu wa kazi ukaisha na haukuhuishwa. Nikabadilisha ukurasa wangu wa LinkedIn siku ileile, nikaweka hadi ile duara ya kijani ya #OpenToWork kuzunguka picha yangu, inayoonyesha kwamba natafuta kazi, kisha nikaanza kutuma maombi ya kazi. Suala la fomu halikunipitia akilini hata kidogo. Fomu ilishafanya kazi yake, viza ilikuwa imebandikwa kwenye pasipoti.

Nilikuja kuikumbuka ndani ya ndege. Usiku kucha nikawa najadiliana na nafsi yangu: nikiulizwa kazi, niseme nini? Nilishasikia mara nyingi kwamba maneno yako mpakani lazima yalingane na yale uliyoyaandika. Kwa hiyo nikaamua kusema kama fomu inavyosema. Nilidhani huko ndiko kuwa na msimamo mmoja.

Kwenye kibanda cha kwanza afisa aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mhasibu. Wapi? Nikataja kampuni. Unakaa muda gani? Wiki nne. Akainua macho: "Mwajiri wako amekupa likizo ya wiki nne zote?"

Swali hilo sikuwa nimelitayarishia jibu. Ukisema kweli, jibu la swali linalofuata huwa liko palepale, unalichukua tu. Ukisema uongo inabidi ulitunge, na kutunga huchukua muda. Nikasema "Ndiyo," kisha nikaongeza kwamba mkuu wangu ni mtu mwelewa. Aliandika kitu, akaiweka pasipoti yangu ndani ya bahasha, akanielekeza mlango wa upande.

Ile karatasi ya maelezo niliisoma mara mbili bila kuelewa hata mstari. Baadaye ndipo nilipojifunza ilikuwa inahusu nini. Maafisa wa CBP, yaani wakala wa forodha na ulinzi wa mipaka, walikuwa wanafuata mwongozo wa Januari 2018 uliogawa upekuzi wa simu katika aina mbili. Ule wa kawaida, afisa anapekua kwa mkono, kama rafiki aliyeshika simu yako. Ule wa kina, simu inaunganishwa na kifaa kingine ili yaliyomo yakaguliwe au kunakiliwa, na huo unahitaji shaka yenye msingi au sababu ya usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Raia wao akikataa kuifungua simu hawezi kuzuiwa kuingia kwao, ingawa simu inaweza kubaki. Mgeni kama mimi akikataa, kukataa kwenyewe kunaweza kumrudisha alikotoka. Wanaopekuliwa ni wachache mno: katika mwaka wa fedha wa 2024 vifaa vilivyokaguliwa vilikuwa 47,047, wakati wasafiri walikuwa zaidi ya milioni 420. Ukiwa umekaa kwenye kile kiti, lakini, uchache huo haukufariji chochote.

Kabla hajaigusa simu, yule afisa wa pili aliniangalia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kabla sijaanza, kuna jibu lolote ulilotoa pale nje ambalo ungependa kulibadilisha?"

Sijui kama huwauliza wote hivyo. Ninachojua ni kwamba mdomo wangu ulitangulia kichwa. Nikamwambia kazi ile sinayo tena, mkataba uliisha Agosti, nilisema vile kwa sababu fomu ndivyo inavyosema na niliogopa kutofautiana nayo. Akauliza, "Ulipojaza fomu ulikuwa na kazi?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, akaandika kwa muda mrefu.

Mwanasheria mmoja wa uhamiaji alinieleza baadaye kilichokuwa mezani wakati ule. Fomu yangu haikuwa na kosa, kwani ilikuwa kweli siku niliyoitia sahihi. Kosa lilikuwa kule kibandani. Kumdanganya afisa kwa makusudi juu ya jambo lenye uzito kwenye uamuzi wake kunaweza kukufungia milango ya nchi ile maisha yako yote, isipokuwa upate msamaha maalumu. Na kazi ina uzito, kwa sababu sheria yao inamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji hadi athibitishe vingine, na ajira ni mojawapo ya nyuzi zinazoonyesha kwamba utarudi. Lakini wanakubali pia kwamba mtu aliyejirekebisha mwenyewe mapema, kabla uongo wake haujafichuliwa, anaweza kuhesabiwa kama hakuusema. Akisubiri hadi awekewe ushahidi mbele ya pua yake, amechelewa. Mimi niliitangulia simu yangu kwa dakika mbili hivi.

Maana afisa angeuona ukweli tu. Aliiweka simu kwenye hali ya ndege, kwa kuwa wanatakiwa kuangalia yaliyohifadhiwa ndani ya simu yenyewe, si yaliyoko mtandaoni. Nikapumua, nikidhani LinkedIn haitafunguka. Haikufunguka kweli. Ila ukurasa wangu ulikuwa wazi kwa kila mtu, na jina lake nilikuwa nimelitoa mwenyewe kwenye fomu. Alikuwa nao tayari kwenye kompyuta yake, na duara ya kijani niliiona ikiakisi kwenye miwani yake. Barua pepe nazo zilikuwa zimehifadhiwa simuni, kumi na kitu za "ombi lako limepokelewa". Alizifungua moja moja, akisoma anwani za waajiri. Wote walikuwa wa nchi yangu. Aliuliza kuhusu mbili tatu, na kwa mara ya kwanza siku ile majibu yalikuja bila kuyatafuta. Usaili wa mmojawapo ulikuwa umepangwa wiki moja baada ya tarehe yangu ya kurudi. Barua ambazo zingenizika kama ningeshikilia kuwa nina kazi, sasa ndizo zilizoonyesha kwamba nina sababu ya kurudi.

Halafu akaingia WhatsApp.

Dada yangu ana mkono mwepesi wa kuandika. Wiki mbili kabla ya safari alikuwa ameniandikia: "Njoo upesi mdogo wangu, kazi zipo tele huku zinakusubiri." Nami nikamjibu: "Haya dada, nakuja kuzifanya zote." Afisa akapiga simu kwa mkalimani, akaiweka kwenye spika, akaanza kumsomea herufi kwa herufi: n, j, o, o. Alipofika kwenye k, a, z, i nilihisi jasho likinishuka mgongoni. Mkalimani, mwanamke mwenye sauti ya upole, akatafsiri bila kusita: kuna ajira nyingi hapa, zinakungoja.

Wala hakukosea. Kwa Kiswahili kuosha vyombo ni kazi, kubembeleza mtoto ni kazi, na kuajiriwa kiwandani ni kazi. Sisi tunaielewa kutokana na msemaji na mazingira yake; mkalimani wa simu hana hata kimoja. Ana sentensi moja na mtu anayeisoma kwa matamshi ya ajabu.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikamwambia afisa ashuke chini kidogo kwenye mazungumzo yaleyale. Chini ya jibu langu kulikuwa na picha aliyotuma dada: sinki la jikoni limejaa chupa za maziwa za mtoto, na juu yake kitambaa cha kufutia kilichokata tamaa. Chini ya picha ameandika, "Kazi zenyewe hizi." Afisa akaisoma sentensi hiyo kwa mkalimani, akamweleza na picha. Mkalimani akacheka kidogo, akasema basi hapo maana yake ni kazi za nyumbani.

Hakuishia hapo. Aliniuliza kama dada atanilipa. Baadaye akauliza nani atamtunza mtoto nikiondoka. Baadaye tena, dada alikuwa anatumia nani kabla sijaja. Nilielewa anazunguka kitu kimoja: mgeni kuja kumsaidia ndugu ni matembezi, lakini kuja kushika nafasi ya yaya ambaye angelipwa kunaweza kuhesabiwa kuwa ajira, hata ndani ya ukoo. Nilimjibu yalivyo. Shemeji yangu yuko likizo ya uzazi, mimi nakuja kumwona mpwa wangu, vyombo nitaosha kwa sababu nitavilia.

Alinirudishia simu baada ya saa moja na ushee. Aligonga mhuri, lakini tarehe aliyoandika haikuwa ile miezi sita waliyonizoesha wenzangu. Ilikuwa siku mbili tu baada ya tiketi yangu ya kurudi. Sikubisha. Akaniambia niibadilishe taarifa ya kazi nitakapoomba viza nyingine, na nikiulizwa mpakani nijibu ya siku ile, siyo ya kwenye fomu.

Nilipoitoa simu kwenye hali ya ndege, ikatetemeka mfululizo mkononi. Ujumbe wa juu kabisa ulikuwa wa dada: "Uko wapi wewe? Kazi zinazidi kulundikana!"

Niliifunika simu kwa kiganja, nikavuta begi, na sikumjibu hadi nilipokuwa nimeshatoka nje ya milango ya vioo.