Kumbukumbu ya mradi: uwiano wa bei dukani

Awamu hii ni ya maduka tu. Kila kitu katika gemu kina thamani ya msingi. Duka humuuzia mchezaji kwa thamani hiyo kamili na kununua kutoka kwake kwa nusu. Akinunua upanga na kuurudisha papo hapo, amepoteza nusu ya sarafu zake. Hapo hakuna mwanya. Mwanya unaanzia kwenye ujuzi wa kupatana, kwa sababu unasogeza bei zote mbili kwa mpigo: ukifika kileleni anapata punguzo la 20% akinunua na nyongeza ya 20% akiuza. Zile 1.0 na 0.5 zinageuka 0.8 na 0.6.

Chukua dawa ya majeraha. Inahitaji majani mawili ya sarafu 12 na chupa ya sarafu 6, jumla 30, na thamani yake iliwekwa 50. Mchezaji mchanga akiitengeneza na kuiuza anapata 25, hasara ya sarafu 5. Aliyefika kileleni ananunua jani kwa 10 na chupa kwa 5, jumla 25, kisha anauza dawa kwa 30. Faida ya sarafu 5 kila dawa, bila kutoka mjini.

Kikomo kinapatikana kwa kugawa 0.8 kwa 0.6, yaani takriban 1.33. Dawa isizidi mara 1.33 ya thamani ya viungo vyake, kwa hiyo imeshushwa hadi 40. Sasa inauzwa 24 dhidi ya gharama ya 25. Anayechuma majani porini bado anafaidi, na ni haki yake, maana amelipa kwa muda na hatari.

Pete za bahati nazo zinaongeza asilimia. Zikiachwa zijumlishwe na ujuzi, zikivuka theluthi moja hata upanga wenyewe unanunuliwa na kuuzwa kwa faida, bila kutengeneza chochote. Ndiyo maana kikomo kinawekwa kwenye jumla, si kwa kila pete:

```
b = min(ujuzi + pete, 0.20)
nunua = ceil(idadi * thamani * (1 - b))
uza = floor(idadi * thamani * 0.5 * (1 + b))
```

Hiyo `idadi` ndani ya `floor` haikuwekwa kwa urembo. Mshale una thamani ya sarafu 1. Kila mmoja ukipigiwa hesabu peke yake na kupandishwa hadi namba nzima, furushi la mishale 20 lililonunuliwa kwa 16 linarudi dukani kwa 20. Likihesabiwa kwa pamoja, linarudi kwa 12.

Kumpunguzia muuza duka sarafu hakuzibi mwanya: mchezaji analala kitandani, duka linajaza upya, anaendelea. Kinachobaki ni kukagua mapishi mengine yote kwa kikomo kilekile, kuanzia yale ambayo viungo vyake vyote vinapatikana katika duka moja.