Nilivyofungua ResNet-50 tabaka kwa tabaka kutambua magonjwa ya muhogo

Nilikuwa na picha 1,140 za majani ya muhogo nilizopiga kwa simu, za aina tatu: mazima, yenye batobato, na yenye michirizi ya kahawia. Picha hizo ni chache mno kufundishia mtandao kuanzia sifuri, kwa hiyo nilichukua ResNet-50, mtandao wa kutambua picha uliokwisha fundishwa kwa hazina kubwa ya picha iitwayo ImageNet, nikaling'oa tabaka la mwisho, `fc`, lenye majibu 1,000, nikapachika jipya lenye majibu matatu. Kisha nikaufundisha mtandao wote kwa pamoja, kasi ya kujifunza ikiwa `1e-3` kila mahali.

Ikaharibika. Katika picha za kupimia, ambazo zilitoka mashamba mengine kabisa, ilipatia 61 tu kwa kila 100. Nilipozifunga tabaka zote za chini, yaani uzito wake usibadilike, na kufundisha `fc` peke yake, ikapanda hadi 78. Yaani kufundisha uzito 6,147 kulinipa faida kuliko kufundisha zaidi ya milioni 23!

Sababu niliielewa baadaye. Kichwa kipya, yaani lile tabaka la `fc` nililopachika, huanza na namba za kubahatisha, hivyo makosa yake ya mwanzo ni makubwa na hayana maana. Makosa hayo yanarudi chini na kuusukuma uzito ambao tayari ulijua kingo, rangi na mikunjo. Kwa kasi ile, ujuzi huo unafutika kabla kichwa hakijatulia.

Lakini 78 nayo ilikuwa na dari yake. Batobato inakunja jani na kulitia mabaka, kwa hiyo mtandao uliikamata vizuri. Michirizi ndiyo iliyousumbua: umanjano unaofuata mishipa ya majani ya chini, ukauchanganya na jani linalozeeka tu. Tabaka za juu zilikuwa zimezoea vitu vya ImageNet, ambamo aina za mbwa pekee ni zaidi ya mia. Zilihitaji kubadilika, ila polepole.

Hapo nikafuata njia ambayo Jeremy Howard na Sebastian Ruder waliieleza mwaka 2018 kwa kazi za maandishi: kufungua tabaka kuanzia juu, moja baada ya jingine, na kila la chini kupewa kasi ya lililo juu yake ukigawanya kwa 2.6. Nikafunga vyote, nikafundisha `fc` mpaka ikatulia, nikafungua `layer4`, fungu la tabaka lililo chini yake moja kwa moja. Mizunguko minne ikapita, matokeo yaleyale. Nikaongeza kasi, hakuna kilichotikisika.

Jamaa yangu mmoja akaniuliza, "Kaka, una hakika uzito wenyewe unabadilika?"

Nikachapisha jumla ya uzito wa `layer4` kabla na baada ya mzunguko. Namba ileile hadi desimali ya mwisho. Optimaiza, yaani kifaa kinachorekebisha uzito, nilikuwa nimeiunda mwanzoni, nikiipa tu vilivyokuwa wazi wakati ule. Kubadili `requires_grad`, swichi ya kufunga na kufungua tabaka, baadaye hakukuiambia kitu, wala hakukutokea ujumbe wowote wa kosa. Siku hizi makundi yote nayaandika tangu mwanzo. Ambalo halijafunguliwa halina gradienti, na optimaiza hulipita:

```python
opt = torch.optim.AdamW([
    {"params": m.fc.parameters(),     "lr": 1e-3},
    {"params": m.layer4.parameters(), "lr": 1e-4},
    {"params": m.layer3.parameters(), "lr": 4e-5},
    {"params": m.layer2.parameters(), "lr": 1.5e-5},
])
```

Kipimo hichohicho kikanifichulia jambo la pili. Nilipitisha picha moja kabla na baada ya kufundisha `fc` peke yake, nikatazama kinachotoka `layer4`. Kilitakiwa kuwa kilekile, kumbe kimebadilika. BatchNorm huhifadhi wastani na mtawanyiko wa picha inazopitishiwa, na vipimo hivyo havingoji gradienti: ukiita `m.train()` vinasogea hata tabaka likiwa limefungwa. Kwa makundi yangu ya picha 8, vilikuwa vinayumba ovyo. Sasa kila mzunguko, baada ya `m.train()`, naita `.eval()` kwa kila sehemu iliyofungwa. Ni kila mzunguko, maana `m.train()` inaviamsha tena vyote.

Baada ya hapo `layer4` ilinifikisha 88. Nilikuwa nangoja matokeo ya picha za kupimia yasipande kwa mizunguko miwili ndipo nifungue inayofuata. Kila ukifungua, kosa huruka kidogo. Likirudi chini ndani ya mzunguko huohuo, endelea. Lisiporudi, kasi ya sehemu hiyo ni kubwa, mimi huigawanya kwa mbili na kurudia kutoka nakala niliyohifadhi kabla ya kufungua.

`layer3` ikaongeza mbili, nikawa na 90. `layer2` haikuleta kitu: kosa la mafunzo lilishuka huku la kupimia likipanda, dalili kwamba sasa inakariri picha zangu. Nikarudisha nakala ya kabla yake. Majani yanayoendelea kuishinda ni yale yenye vumbi la barabarani, na kwa hayo narudi shambani na simu.