Nilivyomwachisha kazi magazinye wetu bila kumwaibisha

Ushauri niliopewa ulinikera. Mmoja alitaka nimwite mtunza ghala huyo uani mbele ya wenzake, walinzi wakiwa wamesimama, ili wengine waogope. Mwingine alitaka nimshurutishe aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi. Yote nilikataa. Kosa lilikuwa wazi: mifuko ya saruji ilikuwa imetoka kwenye depo yetu, hapa Lubumbashi, kwa karatasi zilizobeba jina la mteja ambaye hakuagiza kitu.

Kifungu cha 72 cha sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 kinamtaka mwajiri atoe uamuzi kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua kosa. Kwa hiyo nilihifadhi tarehe ya kujua kabla ya kitu kingine. Kisha nikampa barua ya kuomba maelezo, naye akakiri kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kikao nilikiweka jioni, wenzake wakiwa wameshaondoka. Tulikaa wanne: mimi, yeye, mhasibu wa kuandika, na delege wa wafanyakazi. Aliyemshtaki sikumwita, maana angegeuza kikao kuwa ugomvi.

Sikuanza na habari za watoto wala hali ya hewa. Nilimwambia: "Papa, tumesoma maelezo yako. Karatasi hizi ulizijaza wewe, na mteja hakuchukua saruji. Kazi yako hapa inaisha leo, bila muda wa taarifa. Barua ni hii."

Akasema, "Mama, nihurumie, nitalipa kidogo kidogo."

Hapo ndipo wengi huteleza, wakaanza kujadiliana upya. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, kisha nikajibu: "Nimekusikia, papa. Uamuzi haubadiliki." Sikumwita mwizi; nilitaja karatasi na tarehe zake, basi.

Alikataa kusaini. Mhasibu alitaka kumbembeleza, lakini haina haja: sheria inaruhusu kumkabidhi barua mbele ya mashahidi wawili. Delege na mhasibu waliandika kwenye nakala yetu kwamba amepewa na amekataa kusaini, wakatia sahihi zao. Kusaini kwao hakukuwa kukubali kosa, na nilimweleza hivyo delege, kwa kuwa alisita.

Kisha tulifunga. Nilimweleza kwamba siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua atalipwa ndani ya siku mbili za kazi, pamoja na cheti cha kazi. Cheti hicho kinataja aina ya kazi na muda wake. Kosa haliandikwi humo. Alirudisha funguo, delege akamsindikiza kuchukua vitu vyake. Mlinzi hakumgusa.

Baadaye alipeleka malalamiko kwa mkaguzi wa kazi. Mkaguzi aliomba tarehe tuliyojua kosa, barua yenye mashahidi, na hesabu ya malipo. Vyote vilikuwa kwenye faili moja, nikamkabidhi palepale.