Kumbukumbu ya mradi: ndevu kwa ndevu

Paji la uso limekaa sawa, limebaki eneo la taya. Kwa wasiofuatilia: filamu yetu fupi ina kipande cha mtu kuruka baharini pale Raskazone, Tanga. Mwigizaji mkuu hajui kuogelea, kwa hiyo anaruka mwenzake, kisha nabandika uso wa mwigizaji juu yake. Wote wawili wameridhia kwa maandishi.

Kwenye paji kazi ilikuwa rahisi. Nywele za mrukaji zinabaki zake. Ukingo wa maski, yaani eneo linalopokea uso mpya, unaishia kwenye ngozi tupu, chini ya nywele. Ukungu wa kulainisha ukingo, wenye sigma 14, unamwagika pikseli kama 30 au 40 nje ya maski, hivyo nimeishusha maski kiasi hicho ili usiguse vile vinywele vidogo vya mbele.

Ndevu hazina ngozi tupu ya kukimbilia. Mrukaji ana ndevu hadi shingoni, mwigizaji alikuwa amenyoa. Ukipunguza maski, mstari unapanda mashavuni. Ukiipanua, unashuka shingoni. Popote uendapo, kidevu laini kinakutana na nywele, na mtazamaji anaona kamba imezungushwa tayani. Hilo sikuweza kulitibu kwenye kompyuta. Mwigizaji akafuga, kisha wote wakaenda kwa kinyozi mmoja Ngamiani.

“Nyote namba moja?” akauliza.

“Namba moja, na shingo usiiguse.”

Namba moja inaacha kama milimita 3. Nikamrekodi mwigizaji upya, nikafundisha upya modeli inayounda uso wake.

Sasa ndevu zinakutana na ndevu, lakini ukitumia ukungu mpana unaona utepe uliofifia, kama masizi yaliyopanguswa. Sababu ni hesabu tu. Katikati ya ukingo kila pikseli ni nusu ya uso mpya na nusu ya wa zamani. Nywele za pande mbili hazilingani unywele kwa unywele, kwa hiyo weusi wa huku unaangukia weupe wa kule, na ukali wa mchoro unashuka hadi kama asilimia 70. Dawa ni ukungu mwembamba kwenye ndevu, mpana kwenye paji:

```python
pana = cv2.GaussianBlur(m, (0, 0), 14)
finyu = cv2.GaussianBlur(m, (0, 0), 3)
a = w * pana + (1 - w) * finyu
```

`m` ni maski, `a` ni maski iliyolainishwa. `w` ni 1 kwenye nyusi, inashuka polepole hadi 0 usawa wa mdomo. Ukiikata ghafla, kovu linahamia shavuni.

Picha moja iliyosimama haitoshi kukagua. Naiendesha video kwa kasi ya kawaida nikitazama pembe ya taya tu. Maski ikitikisika, ndevu zinachemka hapo kwanza.

Kinachonisumbua ni anapoibuka majini. Ndevu zilizolowa zinashikana na kuwa nyeusi zaidi, na modeli inajua ndevu kavu tu. Jumamosi mwigizaji anamwagiwa ndoo ya maji uani, kamera ikirekodi.