Mstari uliopita kila mahali isipokuwa nilipouhitaji

Jioni hii nimeketi na namba sita tu, na zimenifunza zaidi ya nilivyotarajia. Ni vipimo vya kuandaa kifaa: myeyusho sita ambao ukolezi wake naujua, miligramu 1, 2, 5, 10, 50 na 100 kwa lita, na mbele ya kila mmoja usomaji wa kifaa: 2.6, 4.4, 10.7, 20.1, 97 na 215. Nachora mstari, kisha sampuli nisiyoijua naisoma kwa mstari huo.

Nilianza na njia ya kawaida ya miraba midogo kabisa. Mteremko ukatoka 2.122, na mstari ukakata mhimili wa y kwenye −1.125. R², kipimo cha jinsi mstari unavyozikaribia nukta, ilikuwa 0.998, nami nikaridhika. Baadaye nikajaribu kuusomesha mstari ule vipimo vyangu mwenyewe. Myeyusho wa 100 ulirudi 101.8, vizuri sana. Ule wa 1 ulirudi 1.76. Kosa la asilimia 76, ilhali sampuli zangu nyingi ziko huko chini!

Sababu ni hii. Kifaa changu hukosea kwa kadiri ya kile kinachopimwa. Niliporudia vipimo, mchepuko sanifu wa usomaji, yaani kadiri masomo yanavyotawanyika, ulikuwa kama 0.08 kwenye ukolezi wa 1, na kama 7 kwenye 100. Njia ya kawaida haijui hilo. Kwake, kupotoka kwa 7 kule juu ni jambo kubwa la kurekebishwa, na kupotoka kwa 1 kule chini ni kidogo. Hivyo nukta ya 100 inauvuta mstari upande wake, na mstari unapoinuka huku, mkia wake unashuka kule. Kwa wastani wa majaribio mengi njia hii haipendelei upande wowote, lakini mimi nina jaribio moja tu mkononi. Na R² haikunionya, kwa kuwa nayo huhesabu miraba ileile inayotawaliwa na nukta kubwa.

Dawa ni kuipa kila nukta uzani, na uzani sahihi ni moja gawanya kwa varianzi, yaani mraba wa ule mchepuko. Kinachohitajika ni uwiano tu kati ya nukta na nukta. Mchepuko wangu umekua karibu mara 88 wakati ukolezi umekua mara 100. Nikichukua logi za pande zote mbili, mteremko ni kama 0.97, karibu sana na 1. Basi mchepuko unakwenda sambamba na x, yaani ukolezi, varianzi inakwenda na x², na uzani unakuwa 1/x². Ningepata mteremko wa 0.5, kama inavyotokea mtu anapohesabu matukio ya nasibu, ningetumia 1/x. Katika programu ya R nikaandika:

```
lm(y ~ x, weights = 1/x^2)
```

Mteremko mpya ni 2.004, na mhimili unakatwa kwenye 0.555. Sasa myeyusho wa 1 unasomeka 1.02, wa 2 unasomeka 1.92, na wa 100 unasomeka 107. Ndiyo, kule juu pameharibika kwa asilimia 7. Lakini asilimia 7 ni kama michepuko sanifu miwili ya kifaa chenyewe pale, kwa hiyo mstari haujadai usahihi ambao haupo. Nilichora pia masalio, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari, baada ya kugawa kila moja kwa x, na mtawanyiko unaopanuka kama upepeo kuelekea kulia haukuonekana. Kama masalio hayo yangejipinda kama upinde, tatizo lingekuwa umbo la mstari, na uzani usingeliponya.

Nilishawishika kutumia mchepuko wa kila kiwango moja kwa moja badala ya 1/x². Nimeacha. Kwa marudio matatu, mchepuko wenyewe una shaka ya karibu asilimia 50. Ikitokea kwa bahati masomo matatu yakakaribiana mno, nukta hiyo itapewa uzani mkubwa isiostahili na kuuteka mstari mzima. Kanuni moja laini inayopita viwango vyote ni salama zaidi.

Bado kuna kitu kinanisumbua. Nimejumlisha uzani wote, nikapata 1.3005, na nukta ya kwanza peke yake imechukua 1. Asilimia 77 ya sauti yote iko kwenye chupa moja. Kama sikuichanganya vizuri, mstari utamfuata mkosaji. Tena kelele ya kifaa haipungui hadi sifuri: pana sakafu, na kwenye myeyusho mtupu, ambao x yake ni sifuri, 1/x² haina hata maana. Varianzi ya kweli pengine ni sakafu hiyo jumlisha sehemu inayokua na x². Kesho nitapima myeyusho mtupu mara 10 nijue sakafu iko wapi, halafu niandae chupa ya pili ya 1.