Chupa iliyoyeyuka kwenye weupe

Shangazi yangu wa Tukuyu anakamua mafuta ya parachichi, akataka picha ya chupa yake kwenye mandhari nyeupe. Niliiandikia programu ya akili mnemba inayotengeneza picha: "chupa ya kioo inayong'aa, mandhari nyeupe, mwanga wa studio." Kingo zilipotelea kwenye weupe, na kifuani mwa chupa pakajaa madoa ya mwanga. Nikaongeza "mwanga mkali zaidi". Ikawa mbaya zaidi.

Kosa ni kwamba kioo huonyesha kilichokizunguka, na mimi nilikizungushia weupe mtupu. Basi nikaacha kusifia mwanga, nikaeleza vifaa, ikiwemo softboksi, yaani taa ya studio iliyofunikwa kitambaa cha kulainisha mwanga, na mahali vilipo: "Mandhari nyeupe isiyo na mshono, inamulikwa peke yake kwa nyuma. Softboksi moja ndefu, nyembamba, upande wa kushoto, inaacha mstari mmoja mnyoofu wa mng'ao toka shingoni hadi chini. Kadi nyeusi kulia na kushoto, nje kidogo ya fremu, zinachora kingo nyeusi nyembamba."

Kadi ndizo zilizorudisha umbo. Mara ya kwanza zilitokea ndani ya picha kama mbao. Nilipofuta neno "kadi" nikabakiza "kingo za kioo zina mstari mweusi mwembamba", mbao hizo zikatoweka. Lebo niliibandika baadaye, maana herufi zilitoka ovyo.